Zege la Kiwandani: Uagize Kiasi Gani Ili Lisipungue Njiani?

Swali ni lilelile, na huulizwa na wamiliki wa majengo, mafundi na hata wahandisi vijana: "Ramani inasema mita za ujazo 81, mbona zege limeisha na kona nzima bado iko wazi?" Wengine huuliza kinyume chake. Gari la mwisho limefika, jamvi limejaa, na nusu ya mzigo haina pa kwenda.

Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili. La kwanza ni "ongeza asilimia tano". La pili ni "ongeza kumi uwe salama". Yote mawili yana kasoro moja: asilimia haijui ardhi yako ilivyo, wala urefu wa bomba lako la pampu. Vitu hivyo viwili hupimika kwa uzi, futi na kikokotoo siku moja kabla ya kumwaga, na ndivyo vinavyokula zege jingi kuliko hasara nyingine zote.

Makala haya yanafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho: jamvi la ghala, yaani sakafu nzito ya zege inayolala juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Urefu ni mita 30, upana mita 18, unene milimita 150. Ukingo wake wote umeongezwa kina kwa milimita 150 zaidi, katika upana wa milimita 300, ili ubebe kuta. Vipimo ni vya mfano, lakini hesabu ni ileile itakayofanywa Kigamboni, Athi River au Dodoma.

## Anza na ramani, lakini usiishie hapo

Ujazo wa ramani ni rahisi kupata:

- Eneo: 30 × 18 = mita za mraba 540.
- Jamvi: 540 × 0.15 = mita za ujazo 81.
- Unene wa ziada ukingoni: mita 94.8 × 0.3 × 0.15 = mita za ujazo 4.3, baada ya kuondoa kona zinazohesabiwa mara mbili.

Kosa la kwanza liko hapa. Watu wengi huagiza kwa kutumia ile 81 na kusahau ukingo, kwa kuwa ukingo umechorwa kwenye karatasi nyingine ya ramani. Pitia mchoro wa msingi na wa jamvi kwa pamoja, uandike kila sehemu inayozama chini ya unene wa kawaida: ukingo, vitako vya nguzo, mahali pa mashine.

Je, nondo zipunguzwe kwenye hesabu? Hapana. Katika jamvi la namna hii nondo huchukua nafasi ndogo sana, na ukiipunguza umejinyima akiba bila faida yoyote.

## Ardhi: milimita kumi ambazo hazionekani

Kuna hesabu moja ambayo kila msimamizi anafaa aijue kwa kichwa. Milimita 10 za ziada juu ya mita za mraba 100 ni mita moja nzima ya ujazo. Kwenye ghala la mita za mraba 540, ardhi iliyoshuka milimita 10 kwa wastani inameza zaidi ya mita tano. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, na mtu anayetembea juu ya kifusi hawezi kuihisi mguuni.

Dawa yake ni kupima kina chenyewe, siyo kukikadiria. Fanya hivi baada ya kushindilia na kusawazisha kwa mara ya mwisho, mbao za pembeni zikiwa zimeshafungwa katika usawa wa juu ya zege:

1. Tia alama kwenye mbao kila baada ya mita tatu, pande zote nne.
2. Vuta uzi kutoka ubao hadi ubao. Upana wa mita 18 ni mkubwa, na uzi utalegea katikati. Weka vigingi viwili au vitatu njiani, na vichwa vyake uvisawazishe kwa leveli ya miguu mitatu au kwa mpira wa maji.
3. Pima kwa futi kutoka kwenye uzi hadi chini, kila mita tatu. Kwa ghala hili utapata mistari 11 yenye pointi 7, yaani vipimo 77.
4. Andika kila kipimo kwenye mchoro wa mkono, mahali pake. Usiandike wastani tu.
5. Mahali popote palipo chini ya milimita 150 pana mwinuko. Pachongwe, pashindiliwe, papimwe upya. Mwinuko hauleti akiba ya zege. Unaleta jamvi jembamba litakalopasuka.

Tazama mstari mmoja wa katikati ya ghala letu, kutoka ubao mmoja hadi wa pili, kwa milimita: 152, 158, 161, 174, 170, 163, 155. Wastani wake ni 162.

Angalia ncha mbili za mstari huo. Ukipima ukingoni peke yake, kama wanavyofanya wengi kwa kuwa ndiko rahisi kufika, utapata 152 na 155. Utaridhika kwamba ardhi iko sawa kabisa. Lakini katikati ndiko magari ya kifusi yalikopita na ndiko roli ya kushindilia ilikogeuzia, na pamezama zaidi ya milimita 20. Kwa vipimo vya ukingoni ungeagiza karibu mita 83. Vipimo vyote 77 vinatoa wastani wa milimita 163, na ujazo halisi wa jamvi unakuwa 540 × 0.163, yaani mita za ujazo 88. Ukiongeza ukingo wa 4.3, unafika 92.3.

Sasa rudi kwenye yale majibu ya mitaani. Mita 81 ukiongeza asilimia tano ni 85. Ukiongeza kumi ni 89. Zote mbili zinakuacha na shimo, na bado hatujafika kwenye pampu.

### Makosa ya kawaida katika kupima ardhi

- Kupima mapema mno. Mvua ya usiku mmoja, au mafundi wa nondo wakikanyaga kifusi cha mchanga kwa siku mbili, hubadilisha kina. Rudia angalau mistari mitatu asubuhi ya kazi.
- Kupima juu ya mikunjo ya nailoni. Bonyeza karatasi ya nailoni hadi iguse ardhi ndipo usome futi.
- Kupima hadi kwenye nondo. Kina kinachohesabiwa ni hadi chini kabisa, siyo hadi kwenye wavu wa nondo.
- Kusahau mbao. Ubao uliofungwa kwa vigingi dhaifu husukumwa nje na uzito wa zege. Ukitanuka, unakula zege ambalo hukulihesabu.

Mwenye kazi atauliza: si nafuu kumwaga zege jembamba la kusawazisha kwanza? Mara nyingi ndiyo, hasa kwenye mchanga au pale nondo zilipo nyingi. Milimita 50 za zege dhaifu hukupa uso mgumu usiobonyea, na jamvi lenyewe linabaki na unene wa ramani. Lakini zege hilo nalo humwagwa juu ya ardhi isiyo sawa, kwa hiyo vipimo vya uzi havikwepeki. Unavihamishia hatua ya kwanza tu, ambako kila mita ya ujazo ni ya bei ya chini zaidi.

## Bomba la pampu: zege ulilolipia lisilofika jamvini

Bomba la pampu halisukumi hewa. Kabla tone la kwanza halijatoka mwishoni, bomba lote sharti lijae, na kazi ikiisha linabaki limejaa. Kiasi kilichomo hutegemea kipenyo cha ndani na urefu, kwa kanuni hii:

```
V = 3.14 × D × D ÷ 4 × L
```

D na L zote ziwe kwa mita. Kwa mabomba yanayoonekana sana kwenye kazi zetu, matokeo kwa kila mita moja ya bomba ni haya:

- Bomba la milimita 100: lita 7.9.
- Bomba la milimita 125: lita 12.3.
- Bomba la milimita 150: lita 17.7.

Ghala letu liko nyuma ya kiwanja, na gari haliwezi kusogea. Pampu inasimama barabarani na kulaza mita 60 za bomba la milimita 125. Ndani yake mna lita 740 hivi. Ongeza bakuli la pampu, pale gari linapomwagia, ambalo kwa kawaida huchukua karibu nusu mita ya ujazo. Jumla ni mita 1.2.

Je, hiyo yote ni hasara? Mwendesha pampu hodari anaweza kuokoa sehemu ya zege la bombani kwa kulisukuma na mpira wa sponji hadi jamvini. Bakuli ni jambo jingine. Zege likishuka chini ya mapanga yanayolikoroga, pampu huvuta hewa, na hewa iliyobanwa hutoka mwishoni mwa bomba kwa kishindo kinachoweza kumuumiza aliyelishika. Kwa hiyo lile la chini ya bakuli halipampiki. Wakati wa kuagiza, hesabu yote 1.2 kama iliyopotea. Kitakachookolewa kitakuwa akiba.

Hesabu hiyo ni mara moja tu kwa kazi nzima. Wapo wanaoongeza ujazo wa bomba kwa kila gari, na hao ndio wanaobaki na mzigo usio na pa kwenda. Unaihesabu mara ya pili endapo bomba litasafishwa katikati ya kazi: pampu imehamishwa, bomba limeziba, au magari yamechelewa mpaka ikabidi zege litolewe lisigande ndani.

Pampu yenye mkono wa kukunjua haina msamaha. Bomba linapanda na kushuka pamoja na mkono wake wote. Muulize mwenye pampu urefu wa jumla wa bomba na kipenyo chake, kisha tumia kanuni ileile.

### Uji wa saruji wa kulainisha bomba

Bomba kavu hunyonya uji wa zege la kwanza na kuacha kokoto tupu, ambazo hujibana kwenye kona na kuziba. Ndiyo maana mwendesha pampu hutanguliza uji mzito wa saruji na maji, au dawa maalumu ya kulainishia. Mambo mawili yakumbukwe:

- Saruji ya uji huo iwepo kiwanjani asubuhi. Kumuuliza mwendesha pampu siku moja kabla anahitaji mifuko mingapi ni simu ya dakika moja.
- Uji ukitoka mwishoni mwa bomba upokelewe kwenye toroli au shimo lililoandaliwa. Usiuache uingie jamvini, kwa sababu hauna kokoto na ukishagandia mahali pamoja, pale pana udhaifu.

## Hesabu kamili ya ghala

Hasara ndogondogo bado zipo: zinazomwagika chini ya pampu, zinazoganda ndani ya ngoma ya gari, sampuli za maabara, mbao zilizosogea kidogo. Ukishapima ardhi na bomba kwa uhalisi wake, asilimia mbili inatosha kwa hizo.

- Jamvi kwa kina kilichopimwa: 88.0
- Ukingo: 4.3
- Bomba na bakuli: 1.2
- Hasara ndogo, asilimia 2 ya 93.5: 1.9
- Jumla: mita za ujazo 95.4

Tofauti na ile 81 ya mwanzo ni zaidi ya mita 14, karibu magari mawili ya mita nane. Aliyeagiza kwa ramani peke yake anagundua pengo hilo alasiri, kiwanda kikiwa kinajiandaa kufunga.

## Gari la mwisho lisiagizwe asubuhi

Hili ndilo linalomaliza kero zote mbili, ya kupungua na ya kubaki. Mwambie mpangaji wa magari kiwandani kwamba unataka magari 11 ya mita nane, na la 12 lisubiri simu yako. Mita 88 zina uhakika. Zilizobaki zitapimwa.

Gari la tisa likishamaliza kumwaga, umetumia mita 72. Simamisha mtu mmoja apime eneo lililobaki kwa uzi uleule, huku kazi ikiendelea. Kwenye ghala letu limebaki eneo la mita 18 kwa 6.8, na vipimo vya mchoro wa mkono vinaonyesha kina cha wastani cha milimita 170 upande huo. Hesabu inakwenda hivi:

- Jamvi: 18 × 6.8 × 0.17 = 20.8
- Ukingo wa sehemu iliyobaki: 1.4
- Hasara ndogo: 0.4
- Linalohitajika: 22.6
- Gari la 10 na la 11: 16
- Gari la mwisho: 6.6, agiza mita 7

Bomba halikuongezwa tena kwa sababu limejaa tangu asubuhi. Umeona pia kwa nini kila kipimo kiliandikwa mahali pake: wastani wa ghala zima, 163, ungekudanganya kwenye kona hii yenye kina zaidi.

Simu ipigwe mapema. Kama kupakia na kusafiri ni dakika 50, usisubiri gari la 11 limalize ndipo utafute namba ya kiwanda.

## Magari yafuatane kwa mwendo gani?

Usitumie uwezo wa pampu ulioandikwa kwenye karatasi yake. Kinachoamua ni mikono ya wanaosambaza, kutetemesha na kusawazisha. Kikundi kikimudu mita 24 kwa saa, gari la mita nane linatakiwa kila dakika 20, na kazi yote itachukua saa nne.

Safari moja kamili ikiwa ni dakika 120, kuanzia kupakia, kwenda, kumwaga, kuosha hadi kurudi, gawanya kwa 20: unahitaji magari sita kwenye mzunguko. Kiwanda kikisema kina matatu ya kukupa, jua mapema kwamba zege la bombani litakaa likisubiri juani.

Kanuni iliyozoeleka kwa miaka mingi ni kumaliza kumwaga ndani ya dakika 90 tangu saruji ikutane na maji. Jua la pwani hufupisha muda huo isipokuwa kiwanda kimetia dawa ya kuchelewesha kuganda. Saa ya kupakia imeandikwa kwenye karatasi ya mzigo. Isome kabla dereva hajafungua ngoma.

## Unapopiga simu ya kuagiza, sema haya

- Gredi ya zege kama ilivyo kwenye ramani, na kwamba litapampwa.
- Kipenyo cha bomba. Kokoto kubwa kabisa isizidi theluthi moja yake. Kokoto za milimita 20 hupita vizuri kwenye bomba la 125.
- Slampu inayotakiwa. Kwa pampu, kiwango kati ya milimita 100 na 150 ni cha kawaida.
- Idadi ya magari yenye uhakika, nafasi ya muda kati yao, na gari linalosubiri simu.
- Jina na namba ya mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuongeza au kusimamisha mzigo.

Slampu iwekwe sawa kiwandani. Fundi anayetia maji kwenye ngoma ili zege lipite kirahisi anapunguza nguvu ya jamvi lote.

## "Je, kama kiwanda ndicho kinachotupunja?"

Shaka hii ni ya haki, na kuna njia ya kuitatua bila ugomvi. Zege la kawaida lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo. Jaza kisanduku cha sampuli cha milimita 150, kishindilie vizuri, kipime, utoe uzito wa kisanduku. Ukipata karibu kilo 8.1, uzito ni huo wa 2,400. Sasa gari la mita nane linatakiwa kubeba karibu kilo 19,200. Linganisha na uzito wa vifaa ulioandikwa kwenye karatasi ya mzigo, au lipitishe gari kwenye mizani likiwa limejaa na likiwa tupu.

Fanya hivyo kabla ya kulalamika. Pengo likiwa kwenye mizani, una ushahidi mkononi. Lisipokuwepo, rudi kwenye vipimo vya ardhi.

## Likipungua au likibaki hata hivyo

Andaa njia mbili tangu asubuhi:

- Likipungua: uwe na ubao ulionyooka wa kusimamisha zege, na nondo fupi za kuunganishia, mahali ambapo mhandisi amekubali mshono ukae. Zege likatwe wima kwenye ubao huo. Usiliache lishuke kama mteremko, maana ncha nyembamba ya mteremko huo itabanduka.
- Likibaki: funga mbao mapema kwa ajili ya kazi ndogo isiyobeba mzigo, kama mifuniko ya mfereji au kibaraza cha pembeni. Hata nusu mita ipate mahali.

Siku moja kabla ya kumwaga, kaa na fundi mkuu na mwendesha pampu mbele ya mchoro wenye vipimo 77. Kila mmoja aione namba ya mwisho na ajue imetoka wapi, kisha ndipo mtu mmoja apige simu kiwandani.